Hekta Moja, Kura Moja: Wastani wa Mavuno na Ukubwa wa Shamba

Mahindi yakishapukuchuliwa na kuingia ghalani kule Mbozi, mkoani Songwe, kila mtu anataka namba moja. Msimamizi wa ghala anaitaka, mnunuzi anaitaka, afisa ugani anaitaka kwa ajili ya taarifa yake, na benki inaitaka kabla ya kufungua mkopo wa pembejeo. Msimu huu tumepata wastani wa kilo ngapi kwa hekta? Ni swali fupi, na jibu lake hutolewa harakaharaka. Mimi hutunza madaftari ya mavuno ya wakulima, na nasema bila kusita kwamba jibu hilo hukosewa mara nyingi kuliko linavyopatiwa. Wanaolikosea ni watu makini wanaojua hesabu zao vizuri.

Njia inayowapoteza ni hii. Wanaorodhesha mashamba yote, wanatafuta mavuno kwa hekta ya kila shamba, wanajumlisha namba hizo, kisha wanagawa kwa idadi ya mashamba. Ndivyo tulivyofundishwa wastani shuleni, na kwa alama za mtihani njia hiyo haina tatizo, kwa kuwa wanafunzi wote ni sawa. Mashamba hayako sawa. Kuna shamba unalolizunguka kwa dakika mbili, na kuna lingine ukisimama huku mwisho huoni mwisho wa kule.

Nichukue mashamba matano ya kikundi kimoja. Namba zake nimezirahisisha ili uweze kuzifuata kwa kalamu, ila mpangilio wake ndio ule ule ninaoukuta kwenye madaftari halisi.

| Shamba | Eneo (hekta) | Mavuno (kilo) | Kilo kwa hekta |
|---|---|---|---|
| La kwanza | 0.2 | 840 | 4200 |
| La pili | 0.3 | 1050 | 3500 |
| La tatu | 0.5 | 1350 | 2700 |
| La nne | 1.0 | 2200 | 2200 |
| La tano | 4.0 | 6800 | 1700 |

Ukichukua safu ya mwisho, ukaijumlisha na kugawa kwa tano, unapata kilo 2860 kwa hekta. Kikundi kina hekta 6. Zidisha, na unaambiwa kuna kilo 17,160 za mahindi, yaani magunia zaidi ya 171 ya kilo mia mia. Nenda sasa ghalani ukapime. Mavuno ya mashamba yote matano ni kilo 12,240, magunia 122 na kidogo. Magunia 49 hayapo. Hakuna aliyeyaiba wala panya hawajayala. Hayajawahi kuwepo popote isipokuwa kwenye karatasi.

Wastani wa kweli wa hekta za kikundi hiki unapatikana kwa kugawa jumla ya mavuno kwa jumla ya eneo: 12,240 kwa 6, sawa na kilo 2040 kwa hekta. Huo ndio wastani unaozingatia ukubwa wa shamba. Katika ule wa kwanza kila shamba lilipiga kura moja, hivyo shamba la robo hekta hivi likawa na sauti sawa na shamba la hekta nne. Katika huu wa pili kila hekta inapiga kura moja. Shamba la tano, ambalo peke yake ni theluthi mbili ya ardhi yote ya kikundi, linapewa theluthi mbili ya uzito.

Kama daftari lako halina safu ya mavuno, lina eneo na kilo kwa hekta tu, unazidisha eneo la kila shamba kwa kilo zake kwa hekta, unajumlisha, ndipo unagawa kwa jumla ya eneo. Kwenye jedwali la kompyuta, eneo likiwa safu ya B na kilo kwa hekta safu ya C, unaandika hivi:

```
=SUMPRODUCT(B2:B6,C2:C6)/SUM(B2:B6)
```

Hii inakupa 2040. Ukiandika `=AVERAGE(C2:C6)` unapata 2860. Kompyuta haitakuonya, kwa sababu zote mbili ni hesabu sahihi. Zinajibu tu maswali tofauti.

Hapa ndipo napenda watu wapunguze mwendo, maana tofauti kati ya wastani hizi mbili ina habari ndani yake. Kama mashamba yote yangetoa kilo zile zile kwa hekta, wastani zote mbili zingekuwa sawa hata kama ukubwa wa mashamba ungetofautiana vipi. Na kama mashamba yote yangekuwa na ukubwa mmoja, zingekuwa sawa hata kama mavuno yangetofautiana vipi. Zinaachana pale tu ukubwa wa shamba na mavuno kwa hekta vinapokwenda kwa uhusiano fulani. Wastani unaozingatia eneo ukiwa chini ya ule wa kawaida, kama hapa, ujue mashamba makubwa ndiyo yanayotoa kidogo kwa hekta. Ukiwa juu, mashamba makubwa ndiyo yanayofanya vizuri, jambo utakaloliona mahali ambapo wenye mashamba makubwa wana maji ya umwagiliaji na zana, na wadogo wanategemea mvua. Kwa hiyo mimi huandika namba zote mbili kwenye daftari, moja kando ya nyingine. Pengo lake linanieleza sura ya kikundi kabla sijaangalia shamba hata moja.

Kwa nini kule kwetu shamba dogo hutoa zaidi? Tembelea lile shamba la kwanza. Liko nyuma ya nyumba. Majivu ya jikoni na samadi ya mbuzi humwagwa humo mwaka mzima. Mvua za mwanzo zikinyesha Novemba, familia inapanda siku hiyo hiyo, na palizi ya kwanza inamalizika kabla magugu hayajashika. Viwavijeshi vamizi, waliotuingilia nchini mwaka 2017, wanaonekana mapema kwa sababu mtu anapita katikati ya mistari kila asubuhi akienda kuchota maji. Shamba la tano liko mbali, sehemu yake ni ya kukodi, upandaji unachukua wiki kadhaa, na mbolea ya kukuzia iliyonunuliwa kwa ajili ya hekta mbili hunyunyizwa kwenye nne. Mwenye shamba si mvivu. Mikono haitoshi, na siku za msimu ni zile zile kwa kila mtu.

Wachumi wamebishana juu ya jambo hili kwa miongo mingi. Mwaka 1962 Amartya Sen aliandika kuhusu takwimu za mashamba ya India zilizoonyesha kwamba kadiri shamba linavyokuwa dogo, ndivyo mavuno kwa eka yanavyopanda. Tangu hapo swali limekuwa kama uhusiano huo ni wa kweli, au ni matokeo ya vipimo vibovu. Swali hilo linamhusu moja kwa moja yeyote anayekokotoa wastani unaozingatia eneo, kwa sababu eneo ndilo uzito wenyewe. Uzito ukiwa wa uongo, na wastani ni wa uongo.

Kwa hiyo tuzungumze kuhusu namna eneo linavyopimwa vijijini. Kipimo tulichorithi ni hatua: sabini kwa sabini ni ekari moja. Wengi wanadhani ni makadirio ya hovyo, kumbe kina msingi mzuri kabisa. Hatua ikiwa yadi moja kamili, yaani sentimita 91 na kidogo, sabini kwa sabini inakupa yadi za mraba 4900, na ekari ni yadi za mraba 4840. Wazee walikuwa wanakosea kwa asilimia moja tu. Tatizo ni urefu wa hatua. Mtu mzima anayetembea kawaida kwenye tuta na mabua hapigi yadi. Akipiga sentimita 75, ile "ekari" ya sabini kwa sabini inakuwa mita za mraba 2756, ambazo ni kama theluthi mbili ya ekari. Hatua imepungua kwa chini ya moja ya tano tu, lakini kwa kuwa tunazidisha urefu kwa upana, upungufu umejirudia mara mbili.

Mama mwenye shamba la kwanza aliniambia, "Mwanangu, hili ni robo tatu ya ekari, nimelipima mwenyewe kwa miguu yangu." Nikamwambia, "Mama, tuzunguke pamoja na tepu, nijifunze mipaka." Tulizunguka. Palikuwa na kichuguu kikubwa kona ya mashariki, na migomba upande wa chini ambayo nayo ilikuwa imehesabiwa kama mahindi. Tepu ilitoa hekta 0.2, yaani nusu ekari. Hatua zake zilikuwa nyingi kwa sababu zilikuwa fupi, na alizihesabu kwa uaminifu kabisa.

Mwenye shamba la tano naye alisema ana ekari nane. Kulimwa kwa trekta hulipwa kwa ekari, na ada nyingi hutozwa kwa ekari, hivyo namba ya ekari ikishatajwa kwa miaka kadhaa haiongezeki hata shamba likipanuliwa kuelekea bondeni. Kipimo cha GPS kilitoa hekta 4, karibu ekari kumi.

Mambo haya mawili, dogo kutajwa kubwa na kubwa kutajwa dogo, hayapo Mbozi peke yake. Mwaka 2013 Carletto, Savastano na Zezza walichapisha uchambuzi wa takwimu za kaya nchini Uganda ambako kila shamba lilikuwa na namba mbili, ile aliyoitaja mkulima na ile ya GPS. Walikuta mwelekeo huo huo. Eneo lilipopimwa vizuri, uhusiano wa mashamba madogo kutoa zaidi ulipata nguvu badala ya kupotea.

Sasa ona kinachotokea kwenye hesabu yetu. Tuchukue kwanza kosa la mama peke yake: 0.3 badala ya 0.2. Hilo ni kosa la asilimia 50, kubwa mno. Mavuno yake kwa hekta yanaporomoka kutoka 4200 hadi 2800, na wastani wa kawaida unashuka kutoka 2860 hadi 2580. Lakini wastani unaozingatia eneo unasogea kidogo sana, kutoka 2040 hadi 2007. Tuchukue kosa la shamba la tano peke yake: ekari nane ni hekta 3.24 badala ya 4, kosa la asilimia 19. Wastani wa kawaida unapanda kutoka 2860 hadi 2940 tu. Wastani unaozingatia eneo unaruka kutoka 2040 hadi 2336.

Kila wastani una mahali pake pa kuumia. Ule wa kawaida unaumizwa na makosa ya mashamba madogo, na ule wa eneo unaumizwa na makosa ya mashamba makubwa. Hii inaamua nguvu zako uzipeleke wapi. Kama una siku moja ya kupima na vijana wawili wa kukusaidia, nenda kwenye shamba kubwa kwanza. Nimeona watu wakitumia asubuhi nzima kupima kwa tepu vishamba vya nyuma ya nyumba, kisha la mwisho, lile kubwa kuliko yote, wanamwuliza mwenyewe na kuandika anachosema kwa sababu jua limezama.

Na kifaa nacho kifuate ukubwa. Ukizunguka shamba la hekta nne lenye umbo la mraba, kila upande una mita 200. Simu yako ikikosea mita moja kwa nje kila upande, eneo linaongezeka kwa asilimia mbili, na unaweza kuishi na kosa hilo. Kosa hilo hilo kwenye shamba la hekta 0.2, lenye upande wa mita 45 hivi, linaongeza asilimia tisa. Kwa hiyo GPS ni ya mashamba makubwa, na tepu ni ya madogo. Kote kote, toa vichuguu, mawe, njia ya ng'ombe na migomba, kwa sababu hakuna hindi lililovunwa hapo.

Eneo likishakaa sawa, yanabaki mavuno yenyewe. Hapa nataka kutaja mambo mawili tu, kwa sababu ndiyo yanayoharibu zaidi.

La kwanza ni gunia. Mkulima akikwambia magunia 12, uliza gunia gani. Lililofungwa kwa uzi sawa na mdomo na lile la lumbesa, lililoshindiliwa na kuongezewa kilemba juu, hayana uzito mmoja, na tofauti yake ni ya kilo nyingi. Pima kwa mizani, na uangalie unyevu. Mahindi ya kuhifadhi yasizidi unyevu wa asilimia 13.5. Ukipima kilo 1000 zikiwa na unyevu wa asilimia 20, unazidisha kwa 80 na kugawa kwa 86.5, unabaki na kilo 925. Kilo 75 zilikuwa maji. Wenye mashamba madogo mara nyingi huvuna mapema kwa ajili ya chakula, mahindi yakiwa bado na maji, kwa hiyo bila marekebisho haya wanaonekana kuwashinda wenzao kuliko walivyowashinda kweli.

La pili ni pale ambapo hupimi shamba zima bali unakata kipande, yaani unavuna na kupima sehemu ndogo tu kwa niaba ya shamba lote. Njia ya kukata kipande ndiyo inayoaminiwa zaidi kuliko kumwuliza mkulima. Desiere na Jolliffe, kwa takwimu za Ethiopia walizochapisha mwaka 2018, walionyesha kwamba mavuno yakitajwa na mkulima mwenyewe, mashamba madogo yanaonekana kutoa zaidi, lakini yakipimwa kwa kukata kipande uhusiano huo unatoweka. Hilo lilinifanya niyaangalie upya madaftari yangu, na nisiamini pengo la wastani hizi mbili mpaka mavuno yamepita kwenye mizani.

Kukata kipande nako kuna hila zake. Unachora mraba wa mita 5 kwa mita 5 mahali palipochaguliwa kwa bahati nasibu kabla hujafika shambani, si pale mwenye shamba anapokuonyesha. Unavuna kila hindi lililomo, unapukuchua, unapima, na kuzidisha kwa 400 ili upate hekta. Kilo 6.5 zinakupa 2600. Shida iko mpakani, kwenye kamba inayozunguka mraba. Kila mvunaji ana huruma na hindi zuri lililosimama juu ya kamba, anaona aibu kuliacha. Ukiuruhusu mraba wa mita 5 upanuke kwa sentimita 10 kwa urefu na sentimita 10 kwa upana, unakuwa na mita 5.1 kwa 5.1, ongezeko la asilimia 4. Mraba wa mita 1 kwa 1 ukipanuka kwa sentimita hizo hizo, unaongezeka kwa asilimia 21. Ndiyo maana mwanatakwimu wa India P. C. Mahalanobis, alipokuwa akipima mazao Bengali kwa vipande vya ukubwa mbalimbali, alikuta vipande vidogo vinakuza mavuno. Kanuni yetu ni rahisi: bua lenye mzizi ndani ya kamba lihesabiwe, lenye mzizi nje liachwe, na lililo juu ya kamba lihesabiwe kwa pande mbili tu zilizochaguliwa kabla ya kuanza.

Kuna mtego mmoja ambao unawanasa hasa wale waliokwisha kuelewa umuhimu wa eneo. Unahusu namna mashamba yalivyochaguliwa.

Tuseme huna muda wa kupima mashamba yote ya kijiji, ukaamua kuchagua. Njia ya kwanza ni kuchukua daftari la wakulima na kuchagua majina kwa bahati nasibu. Hapo kila shamba lina nafasi sawa ya kuchaguliwa, na ni lazima uweke uzito wa eneo unapokokotoa. Njia ya pili ni kuchukua ramani ya kijiji, kudondosha nukta juu yake kwa bahati nasibu, na kwenda kukata kipande pale kila nukta ilipoangukia. Hapo shamba la hekta 4 lina nafasi mara 20 ya kuangukiwa kuliko shamba la hekta 0.2. Ukubwa tayari umeshafanya kazi yake wakati wa kuchagua. Sasa wastani wa kawaida wa vipande hivyo ndio wastani sahihi wa hekta za kijiji, na hupaswi kuzidisha tena kwa eneo.

Ukizidisha tena, umeweka uzito mara mbili. Kwa mashamba yetu matano, kufanya hivyo kunaangusha wastani kutoka 2040 hadi karibu 1758, kwa sababu shamba la tano linameza karibu kila kitu. Aliyekosea hivyo hagundui kirahisi. Namba yake iko chini kuliko ya wastani wa kawaida, na yeye alitegemea iwe chini, kwa hiyo anaipokea. Namna ya kumnasa ni kuuliza swali moja: shamba hili lilipatikanaje kwenye orodha, kwa jina au kwa nukta?

Kosa la mwanzo lina tabia ya kurudi ngazi ya juu hata baada ya kufukuzwa chini. Vijiji vinakokotoa vizuri, jumla ya mavuno kwa jumla ya eneo. Kisha mtu ngazi ya kata anakusanya wastani za vijiji vinane, anazijumlisha na kugawa kwa nane. Kijiji chenye hekta 40 za mahindi kinapata kura sawa na chenye hekta 900. Dawa yake ni kutopeleka juu wastani ukiwa peke yake. Peleka kilo na hekta, kila moja na safu yake, na ngazi ya juu igawe yenyewe.

Nisieleweke kwamba wastani wa kawaida ni takataka. Kama unajaribu mbegu mpya kwenye mashamba darasa, na unataka kujua inafanyaje mikononi mwa wakulima tofauti, kila shamba ni jaribio moja na lina haki ya kura moja. Mwenye hekta 4 hakuifanyia mbegu hiyo majaribio mara 20. Vivyo hivyo ukitaka kumjua mkulima wa katikati, panga mashamba kwa mavuno na uchukue la katikati: kwetu ni kilo 2700. Huyo ni mtu halisi, na ndiye wa kumfikiria unapoandaa mafunzo ya palizi. Lakini nafasi ghalani, idadi ya mifuko ya viuatilifu vya kuhifadhia, mkataba na mnunuzi, na chakula cha kijiji mpaka mavuno yajayo, vyote hivyo vinajibiwa na kilo zilizopo, na kilo zilizopo zinatokana na hekta. Kikundi kikimwahidi mnunuzi magunia 171 na kufikisha 122, kinalipa fidia, au wanachama wanauza hata akiba ya nyumbani ili kuziba.

Uamuzi mwingine unaobadilisha namba ni eneo lipi la kugawia: lililopandwa au lililovunwa. Tuseme hekta moja ya shamba la tano ilituama maji ikafa yote. Kilo 6800 zimetoka kwenye hekta tatu. Ukigawa kwa eneo lililovunwa, kikundi kina hekta 5 na wastani wa 2448. Ukigawa kwa lililopandwa, ni 2040. Takwimu za FAO hutumia eneo lililovunwa, na kwa kulinganisha nchi na nchi ni sawa. Kwa kikundi kinachonunua mbegu na mbolea ya hekta 6, hekta iliyokufa ilikula pembejeo kama zingine, na mimi naihesabu. Ninachodai tu ni kwamba iandikwe wazi juu ya safu ni eneo lipi, na lisibadilike katikati ya miaka.

Hiyo inanileta kwenye ulinganisho wa msimu na msimu, ambako hata wastani sahihi unaweza kukupotosha. Tuseme mwakani mwenye shamba la tano anaacha mahindi na kupanda alizeti. Wengine wanne wanavuna kilo zile zile kabisa, hakuna aliyeongeza hata debe. Jumla yao ni kilo 5440 kwenye hekta 2, wastani wa 2720. Kutoka 2040 hadi 2720 ni ongezeko la theluthi nzima, na taarifa itaandikwa kwamba tija imepanda, labda kwa sababu ya semina iliyofanyika Machi. Kilichobadilika ni orodha ya mashamba.

Njia ya kulitenganisha hilo ni kuchukua mashamba yaliyokuwepo misimu yote miwili, kuyapa uzito wa eneo la msimu wa kwanza katika misimu yote miwili, na kulinganisha. Kwa mashamba yetu manne unapata 2720 msimu uliopita na 2720 msimu huu. Sifuri. Baada ya hapo unaandika mstari wa pili: eneo la mahindi limepungua kwa hekta 4, na mahindi ya kikundi yamepungua kwa kilo 6800. Mnunuzi atauliza mstari huo wa pili kwanza.